OTP haiji: tafuta imeangukia mikononi mwa nani

Mama mmoja muuza vitenge alikaa kwenye kompyuta ya steshenari yangu, Morogoro, akilipia ada ya maombi ya chuo cha mwanawe, dola 60. Namba ya kadi imekubali, tarehe imekubali, zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi zimekubali. Ukurasa mweupe ukafunguka, nembo ya benki juu, katikati kisanduku cha kuandika OTP, ile code ya kutumika mara moja ya kuthibitisha malipo. Simu iko mkononi, kimya. Akabonyeza Resend OTP. Kimya. Akabonyeza tena.

"Mwanangu, mtandao wako huu mbovu," akaniambia.

"Mama, subiri kwanza usibonyeze. Hebu soma hapo juu ya kisanduku, wanasema wametuma wapi?"

Palikuwa na mstari mdogo wa kijivu ambao hakuna mtu huwa anausoma: code imetumwa kwenye namba *37. Namba ya mama iliishia na 52.

Nimeona watu wengi wakizima simu, wakinunua bando, wakihamia dirishani kutafuta mnara, na jibu liko kwenye ule mstari wa kijivu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia hapo, kwenye ukurasa, kabla hujaigusa simu.

Hatua ya 1: Acha kubonyeza, soma ukurasa

Kwanza ujue nani anatuma. Duka unalolipa halitumi OTP, wala steshenari, wala kampuni ya simu. Anayetuma ni benki iliyokupa kadi, kupitia utaratibu unaoitwa 3-D Secure. Kwenye kadi za Visa utaona maneno Visa Secure, kwenye Mastercard utaona Mastercard Identity Check. Duka linasema "kuna mtu anataka kulipa kwa kadi hii", benki yako inaulizwa kama ni wewe kweli, na benki ndiyo inafungua ule ukurasa na kutengeneza code. Kisha inaikabidhi kwa kampuni ya kati inayosambaza meseji za benki, nayo inaipeleka kwa mtandao wa simu, na mtandao unaileta kwenye laini yako. Basi ikipotea, imeangukia kwa mmoja wao: benki, msambazaji, mtandao, au simu yenyewe.

Sasa tazama kilicho mbele yako. Kama ukurasa wa OTP haukufunguka kabisa, yaani umebonyeza kulipa na duka likakujibu papo hapo kwamba malipo yamekataliwa, basi usisubiri meseji. Mara nyingi hapo hakuna OTP iliyotengenezwa. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 4.

Kama ukurasa umefunguka na unaonyesha tarakimu za mwisho za namba isiyo yako, au ya laini uliyoiacha, nenda hatua ya 3. Hata ukipanda juu ya mnara wenyewe hutapata kitu.

Kama namba ni yako na laini iko ndani ya simu, endelea na hatua ya 2. Soma pia kama ukurasa unasema code imetumwa kwa barua pepe, au unakutaka uthibitishe ndani ya programu ya benki. Benki kadhaa zimeshaachana na meseji kwa baadhi ya wateja. Unasubiri meseji huku kitufe cha kukubali kiko ndani ya programu ambayo hujaifungua tangu mwezi uliopita.

Hatua ya 2: Pima simu, kwa mpangilio

Niondoe mawili kwanza. Kupokea meseji hakuhitaji bando wala salio. Simu isiyo na hata shilingi inapokea OTP, maadamu laini haijafungwa. Pili, ile namba ya "message center" iliyoko kwenye mipangilio ya meseji inahusika na meseji unazotuma, si unazopokea. Mafundi wengi wa mtaani hukimbilia kuibadilisha. Hapa haisaidii, na ukiikosea utashindwa hata kutuma.

Kinachohitajika ni laini iwe hewani. Nasema hivyo kwa sababu simu inaweza kuwa na intaneti ya waifai, WhatsApp inaingia, mtu anaamini mtandao upo, kumbe laini yenyewe haina alama ya mnara. Tazama vijiti vya laini inayohusika. Kwenye simu ya laini mbili hakikisha laini ya benki haijazimwa kwenye mipangilio. Kisha washa Airplane mode kwa nusu dakika, uizime. Hapo simu inajitambulisha upya kwenye mtandao, na meseji zilizokuwa zimekwama huanza kumiminika. Kama mahali ulipo 4G inayumba, nenda kwenye mipangilio ya mtandao wa simu uchague 3G au 2G kwa muda. Meseji ni kitu kidogo, inapita vizuri tu kwenye 2G.

Baada ya hapo pima. Mwombe mtu, ikiwezekana wa mtandao mwingine, akutumie meseji ya kawaida. Isipofika, tatizo ni laini au simu: jaribu laini hiyo kwenye simu nyingine. Ikifika, usifurahi bado. Meseji ya mtu kwa mtu na meseji ya kampuni hazipiti njia moja. OTP hutoka kwa mtumaji mwenye jina, si namba, kwa hiyo pima pia na meseji ya aina hiyo: ombi la kubadili nywila ya akaunti yako yoyote inayotuma code kwa simu linatosha.

Kama meseji za watu zinafika na za kampuni hazifiki, angalia sehemu mbili. Ya kwanza ni kapu la meseji zilizozuiwa. Kwenye programu ya meseji ya Google, gusa picha yako juu kulia, fungua Spam & blocked. Watu wakichoka na meseji za matangazo huzuia mtumaji, na benki nyingine hutuma matangazo na OTP kwa jina lilelile. Ukimzuia mmoja umewazuia wote wawili. Kwenye iPhone angalia orodha ya watumaji wasiojulikana.

Ya pili inawahusu waliohama mtandao wakabaki na namba. Tanzania imeruhusu hilo tangu Machi 2017. Namba yako inaanza na tarakimu za mtandao wa zamani, na kama msambazaji wa meseji za benki hana taarifa mpya, anaendelea kuipeleka kule kule ulikohama. Meseji za ndugu zinaingia, za benki zinapotelea njiani. Hapo piga huduma kwa wateja wa mtandao wako mpya, sema wazi: "nilihama na namba, sipokei meseji za benki." Iambie na benki pia, maana ndiyo yenye mkataba na msambazaji.

Jambo la mwisho la simu ni nafasi. Simu ndogo za vitufe hujaza meseji kwenye laini na kugoma kupokea nyingine. Ukiona kibahasha kinawaka-waka, futa za zamani. Simujanja iliyojaa video hadi inalalamika nayo hugoma.

Hatua ya 3: Namba iliyoko benki

Narudi kwa yule mama. Nilipomwonyesha zile 37 alikataa katakata. "Benki wana namba yangu hii, kila nikitoa pesa meseji inaingia hapa hapa." Akanifungulia meseji za juzi: umetoa shilingi kadhaa, salio lako ni kadhaa. Kweli zilikuwa za benki ileile.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Benki haina daftari moja. Taarifa za akaunti ziko kwenye mfumo mmoja, huduma ya benki kwa simu inaweza kuwa kwenye mwingine, na kadi mara nyingi zina mfumo wake peke yake. Ukibadilisha namba ya huduma ya simu, si lazima ile ya kadi ibadilike. Mama alifungua akaunti mwaka 2016 na laini iliyoishia 37, kadi ikafungwa na namba ile. Baadaye akabadili laini, akaenda benki, wakambadilishia namba ya taarifa za akaunti. Ya kadi ikabaki, na hakuna aliyegundua kwa sababu kadi alikuwa anaitumia ATM na kwenye mashine za supamaketi tu, ambako hakuna OTP.

Kilichofuata ni swali la haraka zaidi: ile 37 iko wapi? Alisema aliiacha ikafa. Laini isiyotumika kwa miezi hurudishwa na kampuni ya simu na kuuzwa kwa mtu mwingine. Maana yake zile code tatu alizobonyeza huenda zimeingia kwenye simu ya mtu asiyemjua. Peke yake code haimsaidii mtu huyo bila namba ya kadi, lakini si jambo la kuacha lilale. Nilimpigisha *106# tukafuata menyu ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Ya 37 haikuwemo. Basi haikuwa na haja ya kuirudisha. Dawa ilikuwa benki.

Laini ingekuwa bado iko kwa jina lake, ingewezekana kuirudisha kwenye duka la mtandao na kupokea OTP siku hiyohiyo. Lakini tahadhari: baadhi ya benki zikigundua kwamba laini imerudishwa karibuni, husimamisha OTP kwa saa au siku kadhaa, kwa sababu wezi nao huiba kwa kurudisha laini za watu. Ukirudisha laini asubuhi na OTP ikagoma mchana, inaweza kuwa ni hiyo.

Ukienda tawini, maneno unayotumia yana kazi. Ukisema "nataka kubadili namba ya simu", utabadilishiwa ile ya taarifa, utarudi nyumbani ulikotoka. Sema: "Nataka kubadili namba ya simu iliyofungwa kwenye kadi kwa ajili ya OTP za malipo ya mtandaoni." Nenda na kitambulisho cha NIDA, kadi yenyewe, na simu yenye laini mpya. Mwombe mhudumu akusomee namba inayoonekana kwenye mfumo wa kadi, tarakimu kwa tarakimu. Kosa la kawaida ni la kuandika: 255 kisha sifuri ikabaki, ikawa 2550 halafu namba. Kwa macho inaonekana sawa, kwa mtandao namba hiyo haipo. Kwa wenye namba za nje ni palepale: alama ya nchi ikikosewa, meseji haiendi popote.

Mama alijaza fomu Jumanne. Mabadiliko yalionekana Jumatano mchana, kwa hiyo usijaribu malipo dakika tano baada ya kutoka tawini ukadhani wamekudanganya.

Hatua ya 4: Mipangilio ya kadi

Kadi nyingi huku kwetu hutolewa zikiwa zimefungwa kwa malipo ya mtandaoni. Inafanya kazi ATM, inafanya kazi dukani, mtandaoni inakataa. Fungua programu ya benki, ingia sehemu ya kadi, utafute swichi ya malipo ya mtandaoni; mara nyingi kuna nyingine ya malipo ya nje ya nchi, na mara nyingine kikomo cha kiasi kwa siku. Zote tatu zihakikishe. Duka linaweza kuwa na tovuti ya Kiswahili na bei za shilingi lakini akaunti yake ikawa nje ya nchi, na swichi ya pili ikakukwamisha. Kama programu haina sehemu hiyo, ni fomu ya tawini.

Kufungua swichi na kusajiliwa kwenye 3-D Secure ni mambo mawili. Kuna benki zinazofanya yote kwa pamoja, kuna zinazotenganisha. Uliza yote mawili kwa majina yake.

Kingine ni kufuli. Ukikosea code mara kadhaa, kwa kawaida tatu hivi, kadi inafungiwa uthibitisho wa mtandaoni. Hapo ukurasa unaweza kuendelea kufunguka na hata kusema meseji imetumwa, lakini hakuna kinachotumwa. Benki nyingine hufungua yenyewe kesho yake, nyingine husubiri upige simu.

Na wengi hawakosei code kwa kubahatisha. Wanakosea kwa Resend. Kila ukibonyeza, code ya mwanzo inakufa na mpya inatengenezwa. Mtandao ukiwa mzito, ya kwanza inafika dakika ya nne, wewe unaikimbilia kwa furaha, unaiandika, kosa. Inafika ya pili, nayo imeshakufa. Kosa. Ya tatu ndiyo iliyokuwa nzima, ila hadi ifike umeshafungiwa. Meseji nyingi za benki huwa na saa, kiasi na jina la duka, nyingine herufi za utambulisho zinazoonekana pia kwenye ukurasa. Linganisha. Kama umebonyeza mara moja zaidi, andika ile iliyotoka mwisho tu. Kanuni yangu dukani: bonyeza Resend mara moja, baada ya dakika mbili kamili, basi. Baada ya hapo funga ukurasa, acha dakika kumi na tano zipite, anza malipo upya.

Usihofu pesa kwa kufunga ukurasa. Uthibitisho wa OTP hufanyika kabla duka halijaomba pesa benki. Kama hukuandika code, kwa kawaida hakuna kilichokatwa. Angalia salio ujiridhishe, kisha endelea.

Hatua ya 5: Swali la kuiuliza benki

Ukipiga simu na kusema "OTP haiji", utajibiwa "zima simu uwashe". Mimi huandika kwenye karatasi kabla ya kupiga: tarehe na saa ya jaribio hadi dakika, jina la duka, kiasi na sarafu, tarakimu nne za mwisho za kadi. Halafu nauliza hivi: "Kwa jaribio la saa nane na dakika kumi na mbili, je, OTP ilitengenezwa? Na kama ilitengenezwa, ripoti ya meseji inasema imefika au haikufika?"

Mhudumu wa mbele huenda haoni hayo, lakini kitengo cha kadi kinaona. Mwombe apeleke huko na akupe namba ya malalamiko. Majibu ni matatu, na kila moja linakuonyesha mlango. Haikutengenezwa: ni mipangilio au kufuli, hatua ya 4, kazi ya benki. Ilitengenezwa, haikufika: ni namba iliyokosewa, laini isiyo hewani, au njia ya msambazaji, na hapo uliza ilitumwa namba ipi. Imefika: basi iko kwenye simu hiyo au nyingine yenye namba iliyosajiliwa, rudi kwenye kapu la zilizozuiwa.

Mhudumu halali atakuuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, tarakimu nne za mwisho. Hatakuuliza namba nzima ya kadi, wala zile tatu za nyuma, wala PIN, wala code yenyewe. Na ukipigiwa wewe, katikati ya hekaheka hizo, na mtu anayesema "nimeona OTP yako imegoma, ikija nisomee nikusaidie", huyo ni ndugu yao wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Kata simu, piga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi.

Kama uko nje ya nchi

Ndugu walioko Muscat au Dubai na kadi ya nyumbani wanakwama kwa jambo moja: laini ya Tanzania iko ndani ya simu lakini haijafunguliwa rominga. Intaneti ya rominga unaweza kuiacha imezimwa, na ni bora uizime maana ndiyo inayokula salio. Ila rominga yenyewe ya laini lazima iwe imewashwa na kampuni ya simu, ikiwezekana kabla hujasafiri, na laini ionyeshe jina la mtandao wa huko. Ikiandika No service, chagua mtandao mwingine kwa mkono kwenye mipangilio. Na laini uitumie mara kwa mara, hata kwa meseji moja kwa mwezi, isije ikarudishwa kama ile ya 37. Kama benki yako inaruhusu OTP kwa barua pepe au ndani ya programu, hamia huko ungali nyumbani, kwa sababu kubadili ukiwa mbali mara nyingi kunadai ufike tawini mwenyewe.

Alhamisi mama alirudi. Hatukuanza na ada ya chuo. Tulinunua kwanza kitu cha dola 1, ukurasa mweupe ukafunguka, mstari wa kijivu ukasema *52, na simu ikalia kabla sijamaliza kumwambia asome.

"Haya mwanangu, ile kubwa sasa," akasema, akivaa miwani.